Kuipa jina programu ya kliniki: Neno litakalomfaa mama hata siku mbaya

Majuzi nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi anatunga programu za simu jijini Nairobi. Yeye na wenzake walikuwa wamemaliza kutengeneza programu ya kina mama. Mama mjamzito huingiza tarehe ya hedhi yake ya mwisho, programu ikamhesabia wiki zake na kumkumbusha siku za kliniki. Akijifungua, programu hiyo hiyo hugeuka kuwa ratiba ya chanjo ya mtoto: siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18.

"Mwalimu, kila kitu kiko tayari isipokuwa jina," akaniambia. "Tunataka jina pole lakini mtu aliamini."

Nilimwomba anitumie orodha waliyokuwa nayo. Ilikuwa na majina kumi na manne. Nimeona niwaandalie wasomaji wa safu hii yale tuliyoyajadili kwa takriban mwezi mzima, kwa sababu nilipoanza kuyachambua majina yale niligundua kwamba Kiswahili kina utajiri mkubwa wa maneno ya uzazi, na kwamba mengi yake hayafai kabisa kubandikwa kwenye simu ya mtu.

Tuanze na neno lenyewe, mimba. Kamusi italifasiri bila matatizo. Ila neno haliishi peke yake. Linatembea na wenzake, na watu huyasikia maneno jinsi yanavyoandamana. Hebu jisikilize ukisema "mimba" kisha umalizie sentensi. Kupachikwa mimba. Kutungwa mimba. Kutoa mimba. Mimba za mapema. Ng'ombe naye ana mimba. Neno hili limezoea kukaa katika taarifa za polisi, mikutano ya shule na maonyo ya wazazi. Halina kosa lolote, na daktari atalitumia mchana kutwa, lakini mama aliyesubiri mtoto kwa miaka saba hataki kulisoma kila anapofungua simu. "Mimba Yangu" lilikuwa jina la pili katika ile orodha. Tulilifuta siku ya kwanza.

Tasfida yake ni ujauzito. Neno hili ni picha: mja aliye mzito, mtu ajaye na uzito wake. Linatazama mwendo wa mama badala ya kilichomo tumboni, na hapo ndipo upole wake ulipo. Shida ni kwamba limekuwa neno la ofisini. Wanahabari hulitumia, fomu hulitumia, lakini nyumbani mtu husema "ameanza kliniki" na kila mtu huelewa. Kumbuka maneno hayo ya kliniki, tutayarudia.

Mimi, kwa mapenzi yangu ya maneno makongwe, nilipendekeza Himila. Lina mizizi katika Kiarabu, katika wazo la kubeba. Ndugu zake tunao wengi: kuhimili, kustahimili, na hata yule hamali anayebeba magunia bandarini. Jina zuri kama nini! Mimba, uvumilivu na kubeba katika neno moja. Nililitetea kwa wiki nzima. Kisha kijana wangu akafanya jambo rahisi: alimpigia shangazi yake Murang'a, akamtamkia jina hilo mara moja tu, akamwomba aliandike na kulituma. Likarudi "Imira". Alipomuuliza ni la nini, shangazi akadhani ni duka la nguo.

Hilo lilinifunza kwamba jina la programu husafiri kwa mdomo kabla ya kuonekana kwa macho. Muuguzi hulitaja kliniki, mama hulibeba kichwani hadi nyumbani, kisha hulitafuta kwenye simu. Kama ana mazoea ya kuidondosha h, au l na r kwake hupokezana nafasi, ataandika neno jingine na kupata programu nyingine, au asipate chochote. Wengi wetu hapa Kenya tunazungumza Kiswahili chenye athari za lugha za mama, na hakuna aibu katika hilo. Lakini jina lenye h mwanzoni na l katikati linajitafutia taabu. Nililiaga Himila shingo upande.

Upande wa mtoto nao ulikuwa na mitego yake. Chanjo ni neno linaloaminika kuliko yote. Kila zahanati hulitumia, na mtu akiliona hababaiki. Lakini asili yake ni kuchanja, yaani kukata ngozi, kitenzi kile kile cha kuchanja kuni, na wazee wetu walikijua vizuri kwa sababu chanjo ya ndui ilikwaruzwa mkononi na kuacha kovu. Leo hakuna anayewaza wembe akisikia "chanjo", na maana hiyo imefifia kiasi cha kutosha. Tatizo lake hapa ni jingine. Programu yenyewe huanza na mama asiye na mtoto bado wa kuchanjwa. Ukimwita "Chanjo" katika wiki yake ya 12, humwambii lolote linalomhusu wakati huo.

Wenzake walikuwa na hamu na Kinga. Ni fupi, na lina picha nzuri: kukinga ni kuweka kitu kati yako na baya linalokujia, na pia ni kuweka ndoo chini ya paa ili mvua isipotee. Hata hivyo, kwa muda mrefu kampeni za Ukimwi zimetufunza "kutumia kinga", na neno likajikalia upande wa mipira ya kondomu. Mtu akiona "Kinga" kwenye simu ya mkewe mjamzito, sijui ataanza kuwaza wapi, lakini nina hakika hataanzia kwenye ratiba ya surua.

Kisha kukawa na kundi la majina ya watu. Mantiki yake inaeleweka: tunamwamini mtu kuliko mashine, basi ipe mashine jina la mtu. Walikuwa na Mkunga, Daktari wa Mama, Shoga, Toto na Malaika.

Mkunga lilinipa wasiwasi kuliko mengine, na wasiwasi huo si wa kiisimu tu. Mkunga ni mtu anayeweka mkono tumboni akajua mtoto amelalaje. Programu inajua tarehe. Mama mwenye maumivu ya kichwa yasiyoisha na miguu iliyovimba ghafla akiwa na "Mkunga" mkononi, anaweza kuamini kwamba yuko chini ya uangalizi. Hizo ni dalili za shinikizo la damu katika ujauzito, na anahitaji kufika hospitalini siku hiyo hiyo, asikae kusubiri ujumbe. Jina linapoahidi zaidi ya kinachoweza kufanywa, upole wake hugeuka hatari. Nilimwambia kijana wangu kwamba kuaminika kwa jina hupimwa kwa kuuliza: siku programu itakaposhindwa, jina litakuwa limedanganya?

Shoga ni somo la semantiki ninalolifundisha kila mwaka. Pwani, shoga alikuwa rafiki wa kike wa mwanamke, mwandani wa siri zake, na kwa kweli huyo ndiye hasa ambaye programu hii ingependa kuwa. Maana nyingine imelifunika neno hilo kiasi kwamba huwezi kuliandika hadharani bila maelezo. Toto je? Ukiondoa kiambishi m- katika "mtoto" unapata ama ukubwa ama upendo, na mama wengi huwaita wanao hivyo. Lakini mpe kijana wa Nairobi neno "toto" akueleze. Atakwambia ni msichana mrembo. Malaika nalo ni neno la upole uliopita kiasi. Watu wa pwani humwita mtoto mchanga malaika kwa kumbembeleza. Humwita hivyo pia anapofariki, kwamba amekwenda kuwa malaika. Neno lenye milango miwili namna hiyo huliweki juu ya ratiba ya watoto wachanga.

Na mwenzao mmoja aliyetoka Tanga akaleta Kijacho. Huko Tanzania mwanamke mjamzito huitwa "mama kijacho", mama wa kile kinachokuja. Kusema kweli nililipenda. Ngeli ya ki- inamwacha mtoto bila umbo, bila jinsia, kitu kinachokuja tu, na kuna heshima katika kutosema zaidi ya hapo. Litarudi tena chini, kwa sababu ndilo lililotufungua macho.

Kabla ya hapo tulijaribu vitenzi. Kenya tumezoea jina la aina hii kupitia Linda Mama, uliokuwa mpango wa huduma za uzazi bila malipo. Kisarufi "linda" hapo ni amri, lakini haimwamuru mama. Inawaamuru wengine wote: ninyi, mlindeni. Mama anaposoma jina hilo anajisikia amezungukwa. Tanzania nayo mwaka wa 2012 ilianzisha kampeni iliyotumia ujumbe wa simu kwa wajawazito, ikaiita Wazazi Nipendeni. Angalia kazi inayofanywa na viambishi. Ni- ni mtoto anayesema. -Eni ni wito kwa zaidi ya mtu mmoja, hivyo baba naye ameitwa. Amri imegeuka ombi kwa sababu anayeamuru ni mdogo kuliko wote katika chumba. Ninaliona kuwa mojawapo ya majina yaliyofikiriwa vizuri zaidi katika afya ya umma katika lugha yetu.

Ukilinganisha na hayo, majina waliyotunga vijana wangu yalikuwa na amri iliyomwelekea mama moja kwa moja: Fuatilia Mimba, Usikose, Hudhuria. "Fuatilia" hasa lilinikera. Mkenya ambaye amewahi kukopa kwenye simu anajua maana ya kufuatiliwa. Mama aliyekosa kliniki ya wiki ya 10 kwa sababu hakuwa na nauli anajua tayari kwamba amekosa. Akipokea ujumbe kutoka kwa "Usikose" atauzima tu. Jina ni mtu wa kwanza kusema naye kila siku, kabla ya ujumbe wenyewe, na mtu huyo hapaswi kuanza kwa kugomba. Mmoja wao alijaribu kulainisha kwa kuleta Tulee, yaani sisi sote tulee, jina jepesi lenye herufi tano. Nilimwomba aliandike haraka haraka kwenye simu. Kidole kikateleza, ikawa "Tulie". Tukacheka, likafutwa.

Hapo ndipo mimi nikatoa jina nililodhani ni jibu: Miadi. Wakati uliokubaliwa na watu wawili, bila amri yoyote. Mama na muuguzi wamepeana miadi. Linaaminika, ni fupi, halina h wala l wala r. Nilijiona fundi.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba hakuna jina litakalopita bila kusikika kwenye foleni. Kwa hiyo tulikwenda, kwa ruhusa, kwenye zahanati moja ndogo Likoni siku ya kliniki ya watoto. Hatukuwauliza kina mama kama wanalipenda jina. Ukimuuliza mtu hivyo atakwambia ni zuri ili akuridhishe uende zako. Tuliuliza maswali mawili tu. La kwanza: ukiliona jina hili kwenye simu ya mtu, utadhani ni la nini? La pili: sista akilitaja kwa sauti watu wote wakisikia, utajisikiaje?

Bi mmoja aliyekuwa akimpakata mjukuu alilisoma "Miadi", akatabasamu, akanirudishia karatasi.

"Mwalimu, hii mume akiiona usiku si kutakuwa na kesi? Miadi ni ya wapenzi hiyo."

Wenzake wakaangua kicheko, na mmoja akaongeza kwamba yeye mwenyewe angemuuliza mumewe, miadi na nani? Nilikuwa nimelitazama neno kwa jicho la kamusi na taarifa ya habari, nikasahau kwamba mtaani kuwekeana miadi ni kazi ya mahaba. Hayo ndiyo yale ya mimba na wenzake niliyokuwa nikiwafundisha wengine, yakanipita mimi.

Kijacho lilipendwa sana foleni ile. Lakini mwanamke mmoja, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na mtoto wa miezi michache, alitikisa kichwa. Alizungumza taratibu, na sitamnukuu yote. Alisema kwamba kabla ya huyu alipoteza mimba ya miezi mitano. Wakati huo alikuwa amejiandikisha kwa huduma fulani ya ujumbe. Wiki mbili baada ya kutoka hospitalini simu ililia: mtoto wako sasa anaweza kusikia sauti yako. "Sikujua nizime vipi," akasema. "Na hili jina lenu, Kijacho, siku ile lingekuwa linanicheka."

Tulirudi kwenye kivuko kimya. Tangu mwanzo tulikuwa tumepima upole kwa siku nzuri: mama mwenye furaha, mtoto mwenye afya, wiki zikisonga. Karibu kila jina katika orodha lilimtaja mtoto ambaye bado hajafika, au lilimpongeza mama kwa jambo ambalo halijatimia. Katika jamii zetu nyingi watu hawalitangazi tumbo mapema, hawanunui nguo kabla ya wakati, na lugha yenyewe imejaa mafumbo kuhusu hali hiyo. Tumezoea kuita hayo ushirikina. Nadhani ni adabu ya watu walioona mengi. Jina jema la programu hii ni lile ambalo halitakuwa uongo iwapo mtoto hatakuja.

Basi tukauliza: ni neno lipi ambalo ni la mama mwenyewe, linabaki kuwa lake vyovyote iwavyo, na tayari analiamini? Jibu lilikuwa mapajani mwa kila mwanamke kwenye lile benchi. Kadi. Siku hizi kliniki hutoa kijitabu chenye kurasa nyingi, lakini watu wengi bado hukiita kadi. "Umekuja na kadi?" ni swali la kwanza la muuguzi. Kadi huwekwa chini ya godoro pamoja na hati ya shamba. Hakuna kampeni iliyolipa neno hilo heshima. Lilijipatia lenyewe kwa miaka mingi ya kutunza kumbukumbu za kweli.

Tukaongeza kimilikishi, likawa Kadi Yangu.

Kimilikishi hicho kina kazi. "Kadi ya Mtoto" lingetaja mtoto. "Kadi ya Kliniki" lingemfichua msichana ambaye hajamwambia mtu, maana kila anayepita nyuma yake angelisoma. "Kadi Yangu" halimwambii jirani lolote. Upole wake umo katika -angu, kwa kuwa anayesema ni mama, na programu imenyamaza. Tena kuna suala la nafasi. Jina la mtumaji wa arafa haliruhusiwi kuzidi herufi 11, nafasi tupu ikiwemo. Wazazi Nipendeni lingekatwa katikati. Kadi Yangu lina 10.

Si jina kamilifu. Tuliporudi Likoni na karatasi mpya, wawili walidhani ni ya benki. Na najua watakaotamka "Kandi", ingawa hilo kwenye simu husahihishika kirahisi kuliko Imira. Kwenye duka la programu, ambako Google huruhusu herufi 30, walikubali kuandika "Kadi Yangu: mama na mtoto", ili anayetafuta ajue. Chini ya picha kwenye simu yake yatabaki maneno mawili tu. Kijana wangu alilalamika kidogo kwamba jina halina msisimko. Nilimwambia hata kadi ya kliniki yenyewe haina.

Baada ya jina kupita, tulirudi kwenye lile swali la mama wa mwisho wa benchi: atazima vipi? Programu ilikuwa na kitufe cha kujiondoa, na kabla hakijakubali kilidai sababu. Katika orodha ya sababu waliandika "Mimba imeharibika". Hayo ndiyo maneno ya hospitalini, na ndiyo tunayotumia sote, ingawa kuharibika ni neno la gari na maziwa. Tulijaribu "imetoka", tukajaribu "imeporomoka", tukajaribu "nimepoteza". Kila moja lilimlazimisha mtu aandike kwa kidole chake jambo ambalo pengine hajalitamka kwa mdomo. Mwishowe kijana wangu aliifuta orodha yote ya sababu. Sasa kitufe kina maneno mawili, Sitisha ujumbe, na ukikigusa hakiulizi kitu.